Uhakiki: Kadi za Algoriti za Upangaji na Jedwali la Gharama

Utangulizi

Muhula uliopita wanafunzi wetu wanaochukua Kiswahili pamoja na kompyuta walituletea seti ya kadi tatu na jedwali moja. Walikuwa wamehudhuria mhadhara wa saa mbili juu ya algoriti za kupanga data, wakaufupisha kwa Kiswahili ili wenzao wapate kujikumbusha kabla ya mtihani. Kila kadi ina jina la algoriti upande wa mbele na msimbo bandia upande wa nyuma. Kwa msimbo bandia tunamaanisha maandishi yanayofuata mantiki ya programu, lakini yaliyoandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu na si kwa ajili ya mashine. Jedwali linalinganisha gharama ya muda na ya nafasi kwa algoriti zote tatu.

Tuliombwa tukague lugha tu, kisha kadi zipelekwe kunakiliwa. Hata hivyo, tulipozisoma pamoja na mwenzetu wa idara ya kompyuta tuligundua kwamba katika kazi ya aina hii lugha haiwezi kukaguliwa peke yake. Kuna mwanafunzi aliyekwisha kuandika programu kwa kuifuata kadi ya tatu neno kwa neno, na programu yake ilikuwa haimalizi kazi. Mwenzetu alisema, nusu kwa utani, kwamba huo ndio ushahidi kuwa Kiswahili hakina ukali unaohitajika na kompyuta. Makala haya yanaeleza tulichokiona, na kwa nini hatukubaliani naye.

Yaliyofanywa vizuri

Tuanze na istilahi, kwani hapo waandishi wamefanya kazi ya kusifiwa. Algoriti ya kwanza wameiita *kupanga kwa kuchomeka*. Jina hilo linamwonyesha msomaji kinachotendeka: kipengele kinashikwa mkononi, vilivyo vikubwa kuliko yeye vinasogezwa kulia, naye anachomekwa katika pengo. Ya pili ni *kupanga kwa kuunganisha*, nayo haina shida: orodha inakatwa nusu kwa nusu, kila nusu inapangwa, kisha nusu mbili zinaunganishwa. Ya tatu ni *kupanga kwa haraka*, algoriti iliyochapishwa na C. A. R. Hoare mwaka 1961. Kipengele kinachochaguliwa ili vingine vigawanywe kumzunguka wamekiita *nguzo*. Tunalipenda neno hili. Baada ya ugawaji, vingine vyote vinaweza kuendelea kuhama, lakini nguzo imekwisha kusimama mahali pake na haitaguswa tena.

Neno moja tu hatukulikubali. Kichwa cha jedwali kinasema “ugumu wa muda na nafasi”. Ugumu ni hali ya jambo kuwa vigumu kulifanya au kulielewa. Kupanga kwa kuchomeka ni rahisi mno kuelewa, na bado kunakula muda mwingi orodha ikiwa ndefu. Kinachopimwa hapa ni kiasi cha hatua na cha kumbukumbu kinachotumika kadiri orodha inavyokua. Kwa sababu hiyo tunapendekeza *gharama ya muda* na *gharama ya nafasi*. Kila mtu anaelewa kwamba jambo rahisi laweza kuwa ghali.

Alama moja katika kadi ya kwanza

Kadi ya kupanga kwa kuchomeka ilikuwa hivi:

```
kwa i = 2 mpaka n
    x = A[i]
    j = i - 1
    wakati j >= 1 na A[j] >= x
        A[j + 1] = A[j]
        j = j - 1
    A[j + 1] = x
```

Kadi hii inapanga sawasawa. Ukiipa namba zozote itazirudisha kutoka ndogo hadi kubwa. Kasoro yake inaonekana pale tu vipengele viwili vinapolingana. Tuchukue orodha ya wanafunzi wanne iliyopangwa kwa alfabeti, kila mmoja na alama zake: Akello 62, Birungi 70, Nakato 62, Okello 55. Sasa tunaipanga kwa alama. Msomaji atatarajia Akello aendelee kumtangulia Nakato, kwa kuwa alama zao ni sawa na alfabeti ilikwisha kuamua. Lakini Nakato anapochomekwa, msimbo unauliza kama 70 ni kubwa au sawa na 62, unajibiwa ndiyo, na Birungi anasogea. Kisha unauliza kama 62 ya Akello ni kubwa au sawa na 62, unajibiwa ndiyo tena, na Akello naye anasogea. Matokeo ni Okello, Nakato, Akello, Birungi.

Ukiondoa alama ya usawa, ukaandika `A[j] > x`, Akello hasogei na mfuatano wa awali unahifadhiwa. Sifa hii ya kuhifadhi mfuatano wa vipengele vilivyo sawa tunaiita *uthabiti*. Mhadhiri aliitaja darasani, na jedwali lenyewe halikuwa na safu yake, ndiyo maana hakuna aliyegundua kwamba kadi imeipoteza.

Alama hiyo hiyo inaongeza pia gharama. Fikiria orodha ya vipengele 8 vilivyo sawa vyote. Kwa `>`, kila kipengele kinalinganishwa mara moja na jirani yake kisha kinatulia, na jumla ni milinganisho 7. Kwa `>=`, kila kipengele kinapelekwa hadi mwanzo wa orodha, na jumla inakuwa 28. Tofauti kati ya “kubwa kuliko” na “kubwa kuliko au sawa na” ni ya maneno mawili matatu katika Kiswahili. Wanafunzi wengi wa hapa Uganda wamekutana na Kiswahili darasani, si nyumbani, nao huyaona maneno hayo kama mapambo ya sentensi. Katika kadi ya algoriti maneno hayo ndiyo kiini cha sentensi.

Neno “mpaka” katika kadi ya tatu

Sasa tuingie katika kadi iliyomtatiza yule mwanafunzi. Sehemu yake ya kugawa iliandikwa hivi:

```
GAWA(A, p, r)
    x = A[r]
    i = p - 1
    kwa j = p mpaka r
        kama A[j] <= x
            i = i + 1
            badilishana A[i] na A[j]
    badilishana A[i + 1] na A[r]
    rudisha i + 1
```

Na sehemu inayoitumia ni hii:

```
HARAKA(A, p, r)
    kama p < r
        q = GAWA(A, p, r)
        HARAKA(A, p, q - 1)
        HARAKA(A, q + 1, r)
```

Nguzo ni kipengele cha mwisho, `A[r]`. Kusudi la kitanzi ni kupitia vipengele vilivyo kabla ya nguzo, kuvisogeza vidogo upande wa kushoto, kisha nguzo iwekwe kati ya vidogo na vikubwa. Kwa hiyo `j` inapaswa kukomea `r - 1`. Kadi inasema `mpaka r`.

Tuifuate kwa mkono kwa orodha fupi: 4, 9, 2, 5. Nguzo ni 5. Namba 4 ni ndogo, inabaki nafasi ya 1. Namba 9 ni kubwa, inarukwa. Namba 2 ni ndogo, inabadilishana na 9, na orodha inakuwa 4, 2, 9, 5. Hapa kitanzi kilipaswa kukoma. Nguzo ingebadilishana na 9, tungepata 4, 2, 5, 9, na jibu lingekuwa nafasi ya 3.

Kadi yetu lakini inaendelea na kipengele cha nne, yaani nguzo yenyewe. Nguzo ni sawa na nguzo, sharti linatimia, `i` inakuwa 3, na 5 inabadilishana na 9. Orodha ni 4, 2, 5, 9, ambayo ni sahihi, ila jibu linalorudishwa ni `i + 1`, yaani 4. Msimbo sasa unaamini kwamba nguzo iko nafasi ya 4, na unaagiza nafasi za 1 hadi 3 zipangwe upya.

Nafasi hizo zina 4, 2, 5. Nguzo ni 5 tena. Vyote vitatu ni vidogo au sawa, `i` inafika 3, kisha `A[4]` inabadilishana na `A[3]`. Angalia kilichotokea: msimbo uliopewa nafasi tatu umetoka nje ya eneo lake ukaichukua 9 kutoka nafasi ya nne. Orodha inarudi kuwa 4, 2, 9, 5. Jibu ni 4 tena, na agizo ni kupanga nafasi za 1 hadi 3 tena. Safari hii nguzo ni 9, vyote ni vidogo au sawa, na 9 inabadilishana na 5. Tumerudi 4, 2, 5, 9. Namba 5 na 9 zitaendelea kupishana mlangoni hivyo hivyo, kila mara kwa mwito mpya, mpaka kumbukumbu iliyotengewa miito iishe na programu ikatike. Hilo ndilo lililompata mwanafunzi wetu.

Kosa liliingiaje? Tuliwauliza waandishi. Mhadhiri alikuwa amesema kwa mdomo kwamba “tunapitia vipengele vyote mpaka kwenye nguzo”, na wakati huo huo alichora mstari ubaoni kuitenga nguzo na wengine. Walioko darasani walielewa, kwa sababu mkono wake ulikamilisha sentensi. Kadi ilichukua sentensi na kuuacha mkono.

Nalo neno *mpaka* lina pande mbili tangu asili. Mtu akisema kazi inaendelea kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, Ijumaa imo. Akisema tembea mpaka mtoni, hatarajii uingie majini. Hata kama nomino, mpaka wa shamba ni mstari ambao majirani wanaweza kubishana kama mti uliosimama juu yake ni wa nani. Katika mazungumzo muktadha unaamua. Katika kadi hakuna muktadha.

Hapa ndipo tunapotofautiana na mwenzetu wa kompyuta. Tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Katika lugha ya Python, `range(1, 4)` inatoa 1, 2 na 3, na namba ya mwisho haimo. Katika lugha ya Pascal, `for j := 1 to 4` inafika 4 yenyewe. Wabunifu wa lugha hizo hawakuwa na neno lililo wazi zaidi kuliko letu. Walichofanya ni kuamua maana moja na kuitangaza. Nasi tunaweza kufanya hivyo: kadi ya kwanza ya seti iseme kwamba *mpaka* hujumuisha namba ya mwisho daima, kisha kadi ya tatu iandikwe `mpaka r - 1`. Masahihisho ni herufi chache, na baada yake 4, 9, 2, 5 inapangika bila mgogoro.

Jedwali na safu zake

Jedwali lililoletwa lilikuwa na safu mbili tu za gharama. Kuchomeka kuliandikiwa muda `O(n^2)` na nafasi `O(1)`. Kuunganisha `O(n log n)` na `O(n)`. Haraka `O(n log n)` na `O(1)`. Anayelisoma ataamua mara moja kwamba kupanga kwa haraka ni bora kuliko zote. Hakuna sababu ya kujifunza zile nyingine mbili.

Tujaribu basi orodha ya vipengele 1000 vyote tofauti, ambavyo tayari vimepangwa. Orodha ya namna hii si ya kubuni: ni sajili ya darasa iliyopangwa jana na leo inapitishwa tena. Kupanga kwa kuchomeka kutalinganisha kila kipengele na jirani yake mara moja, jumla 999. Kuunganisha hakuzidi milinganisho 10,000. Kupanga kwa haraka, kwa nguzo ya mwisho kama kadi inavyosema, kutaona kila mara kwamba nguzo ndiyo kubwa kuliko wote. Upande mmoja utapata vipengele 999 na mwingine hautapata kitu, kisha 998, kisha 997, na kuendelea. Jumla ni 999 + 998 + ... + 1, yaani 499,500. Daraja la jedwali limepinduka: aliyeandikwa wa mwisho amekuwa wa kwanza.

Sababu ni kwamba jedwali limechanganya hali. Katika mstari wa kuchomeka wameandika gharama ya hali mbaya zaidi, na katika mstari wa haraka wameandika ya wastani. Kila tarakimu ni kweli mahali pake, lakini kuziweka katika safu moja ni kama kulinganisha urefu wa mtu aliyesimama na wa mtu aliyeketi.

Safu ya nafasi nayo ina kosa la aina nyingine. Waandishi waliona kwamba kupanga kwa haraka hakutumii orodha ya pili, wakaandika `O(1)`. Wamesahau kwamba HARAKA hujiita yenyewe, na kila mwito ambao haujamalizika unashika nafasi katika rundo la miito ukihifadhi `p`, `r` na `q` zake. Katika orodha yetu iliyopangwa, miito karibu 1000 itakuwa wazi kwa wakati mmoja. Hiyo ni `O(n)`, sawa na kuunganisha.

Upungufu huu una dawa. Upande mdogo upangwe kwanza kwa kujiita, na upande mkubwa ushughulikiwe na kitanzi bila mwito mpya:

```
HARAKA(A, p, r)
    wakati p < r
        q = GAWA(A, p, r)
        kama q - p < r - q
            HARAKA(A, p, q - 1)
            p = q + 1
        vinginevyo
            HARAKA(A, q + 1, r)
            r = q - 1
```

Kwa kuwa kila mwito mpya unapewa chini ya nusu ya kazi ya uliotangulia, kwa vipengele 1000 miito iliyo wazi haitazidi 10. Gharama ya nafasi inakuwa `O(log n)`. Tusisitize kwamba dawa hii ni ya nafasi tu. Ile milinganisho 499,500 iko pale pale. Kwa muda, njia ya kawaida ni kuchagua nguzo kwa bahati nasibu, ili mpangilio wa awali wa orodha usiamue chochote. Hata hiyo haisaidii ikiwa vipengele vyote ni sawa, kwa sababu GAWA yetu huviweka vyote upande mmoja kila mara. Kwa orodha ya alama zenye kufanana sana, kuunganisha ni salama zaidi.

Kwa hiyo tunapendekeza jedwali liandikwe hivi:

| Algoriti | Muda: hali nzuri | Muda: wastani | Muda: hali mbaya | Nafasi ya ziada | Uthabiti |
|---|---|---|---|---|---|
| Kuchomeka, kwa `>` | `O(n)` | `O(n^2)` | `O(n^2)` | `O(1)` | upo |
| Kuunganisha | `O(n log n)` | `O(n log n)` | `O(n log n)` | `O(n)` | upo |
| Haraka, nguzo ya mwisho, upande mdogo kwanza | `O(n log n)` | `O(n log n)` | `O(n^2)` | `O(log n)` | haupo |

Safu ya wastani inachukulia kwamba vipengele ni tofauti na kila mpangilio wa awali una nafasi sawa ya kutokea. Uthabiti wa kuunganisha nao una sharti: viongozi wa nusu mbili wakilingana, achukuliwe wa nusu ya kushoto. Msomaji aone pia kwamba jina la algoriti peke yake halitoshi katika safu ya kwanza. Ni lazima kuandika ni kadi ipi hasa inayozungumziwa, maana alama moja ya usawa au mpangilio wa miito miwili hubadilisha safu za kulia.

Hitimisho

Tumewarudishia waandishi kadi zao na maombi manne kabla hazijanakiliwa. La kwanza, maana ya *mpaka* itangazwe katika kadi ya kwanza na kadi ya tatu isahihishwe. La pili, `>=` ya kuchomeka iwe `>`. La tatu, jedwali litenganishe hali tatu za muda na lieleze nafasi ya miito. La nne, kila kadi iongezewe mstari mmoja unaosema jambo linalobaki kuwa kweli katika kila mzunguko. Kwa kuchomeka mstari huo ni: kabla ya kila mzunguko, vipengele kutoka 1 mpaka `i - 1` vimekwisha kupangwa. Mstari huo ndio uliochukua muda mrefu zaidi katika mhadhara, na ndio usioonekana kabisa katika kadi.

Tumewaomba vilevile wasiikubali kadi yoyote kabla ya kuijaribu mezani. Mmoja asome kadi kwa sauti bila kuongeza neno, na mwingine, ambaye hakuwa katika mhadhara, asogeze vipande vinne vya karatasi vyenye namba. Mwito wenye `p` na `r` zile zile ukikuta vipande vimepangika vile vile kwa mara ya pili, kadi hiyo haitamaliza kazi. Tulifanya hivyo kwa kadi ya tatu ofisini kwetu, na vipande vya 5 na 9 vilipishana mara mbili kabla mwenzetu wa kompyuta hajanyosha mkono kuvizuia. Alikubali kwamba toleo lililosahihishwa alitumie darasani kwake muhula ujao, kwa Kiswahili, likiwa na `mpaka r - 1`.